Shilingi Mbili za Mama Mmoja

Anayevuka mpaka wa Namanga leo akitokea Nairobi hutoa shilingi moja ya Kenya na kupokea karibu shilingi 20 za Tanzania. Kwa mwanafunzi aliyezaliwa baada ya mwaka 2000, jambo hilo ni la kawaida kama mvua za masika. Lakini shilingi hizo mbili zina mama mmoja. Hadi mwaka 1966 nchi zetu zilitumia sarafu moja, iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Na benki kuu za Tanzania, Kenya na Uganda zilipoanza kutoa noti zake mwaka huo, shilingi ya Dar es Salaam ilikuwa sawasawa na ile ya Nairobi. Swali la mwanahistoria ni hili: moja ilipata wapi kuwa ishirini?

Jibu linalosikika barazani ni la kisiasa: ujamaa, ubepari, vita, hujuma. Yote hayo yamo, lakini yote yalipitia mlango mmoja, nao ni tofauti ya mfumuko wa bei. Mchumi wa Sweden, Gustav Cassel, alilieleza wazo hili wakati Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa imevuruga sarafu za Ulaya. Alisema kuwa fedha hutakiwa kwa ajili ya kile inachoweza kununua. Bei zikipanda zaidi katika nchi moja kuliko nyingine, bidhaa za nchi ya kwanza huwa ghali machoni pa wageni, na zile za nje huwa rahisi machoni pa wenyeji. Wauzaji nje hupungua, wanaotaka fedha za kigeni huongezeka, na hatimaye sarafu hushuka kwa kiasi kinachokaribia ile tofauti ya bei.

Neno la kuzingatia hapo ni «hatimaye», na hakuna kipindi kinachoonyesha uzito wake kama miaka ya 1980 hadi 1985.

Mwaka 1980 dola moja ya Marekani ilipatikana rasmi kwa shilingi 8 na senti kidogo za Tanzania, na kwa shilingi 7 na nusu hivi za Kenya. Kwa hiyo, miaka 14 baada ya kutengana, ndugu hawa walikuwa bado karibu sawa. Ila ndani ya nyumba zao mambo yalikuwa tofauti. Tanzania ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera, mafuta yalikuwa yamepanda bei, na mashirika ya umma yenye hasara yaliendelea kukopeshwa na mabenki ya serikali, yaani kwa fedha zilizoongezwa bila bidhaa kuongezeka. Mfumuko wa bei ulikaa kwenye asilimia 25 hadi 36 kwa mwaka. Kenya nayo haikuwa peponi, lakini wake ulikuwa kwenye asilimia 10 hadi 14, isipokuwa mwaka 1982 ulipofika 20.

Tufanye hesabu polepole. Kwa takwimu rasmi, kikapu kilichogharimu shilingi 100 Tanzania mwaka 1980 kiligharimu kama shilingi 370 mwaka 1985. Kikapu cha shilingi 100 nchini Kenya kilifika kama shilingi 187. Kikapu cha Tanzania kilikuwa kimefika karibu mara mbili ya kile cha Kenya. Kwa hesabu ya Cassel, basi, shilingi moja ya Kenya ilipaswa kupata shilingi mbili na zaidi kidogo za Tanzania. Je, vitabu vya benki vilisemaje? Dola ilikuwa shilingi 17 na nusu Tanzania na shilingi 16 na nusu Kenya. Bado sawa kwa sawa! Kenya ilikuwa imeiacha shilingi yake ishuke hatua kwa hatua huku bei zake zikipanda kwa wastani. Tanzania, yenye bei zilizokuwa zikikimbia, ilikuwa imeishusha kwa kiasi kilekile tu.

Tofauti ile haikupotea kwa kukataliwa rasmi. Ilihama tu. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro alilipwa kwa dola iliyogeuzwa shilingi kwa kiwango cha benki, kisha akaenda kununua sabuni kwa bei ya mtaani. Kilo ileile ya kahawa ilimnunulia vitu vichache kila msimu. Haishangazi kwamba kahawa ilipata njia za usiku kuelekea Kenya, na sabuni ikarudi kwa njia hizohizo, ingawa mpaka ulikuwa umefungwa tangu 1977 na haukufunguliwa hadi mwishoni mwa 1983. Dola ya magendo iliuzwa kwa zaidi ya mara tano ya kiwango cha benki. Hapo ndipo penye kipimo cha kuaminika kwa anayesoma nyaraka za zama zile: pengo kati ya bei ya benki na bei ya kichochoroni lilionyesha deni ambalo sarafu haijalilipa.

Wapo waliolijua hilo ndani ya serikali. Edwin Mtei, Waziri wa Fedha, alijiuzulu mwaka 1979 kutokana na mvutano juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwalimu Nyerere aliogopa kwamba kushusha thamani ya shilingi kungemwongezea mnyonge bei, na hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Ila mnyonge wa mjini alikuwa tayari ananunua kwa bei ya magendo, na wa shambani ndiye aliyekuwa akibeba gharama ya shilingi isiyoshuka. Kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi iliwakamata walanguzi. Haikuigusa sababu ya ulanguzi wao.

Deni lililipwa kwa mkupuo. Mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, dola ilivuka shilingi 40. Mwaka 1990 ilikaribia 200. Mwaka 1995 ilizidi 570. Kenya, iliyopata msukosuko wake wa mfumuko baada ya uchaguzi wa 1992, ilikuwa kwenye shilingi 51. Ikawa moja kwa kumi na moja.

Hapa lazima niseme ukweli unaoudhi wapenda kanuni. Ukizidisha tofauti zote za mfumuko tangu 1980 hadi 1995, unapata kama moja kwa sita, si kumi na moja. Sababu mojawapo ni mwaka wa kuanzia: shilingi ya Tanzania ya 1980 ilikuwa tayari imepandishwa kuliko uwezo wake, hivyo hesabu inaanza na deni lisiloandikwa. Nyingine ni kipimo chenyewe. Takwimu zilihesabu kwa sehemu bei zilizopangwa na serikali, bei za bidhaa ambazo rafuni hazikuwapo.

Na baada ya 1999 kanuni iligeuziwa kisogo kwa miaka kadhaa: Kenya ilitangaza mfumuko mkubwa kuliko Tanzania, lakini shilingi yake ikazidi kupanda mbele ya yetu, kutoka kama 11 hadi 17 mwaka 2008. Sehemu ya fumbo hilo ni ya kitakwimu, kwani njia ya Kenya ya kukokotoa wastani wa bei, iliyobadilishwa baadaye, ilikuwa ikiukuza mfumuko. Sehemu nyingine ni mitaji na fedha za kutoka ughaibuni, ambazo hazingojei bei za unga.

Mwanzoni mwa 2024 dola ilifika shilingi 160 za Kenya, na miezi michache baadaye ikarudi karibu 130. Wastani wa bei za sokoni Nairobi haukushuka kwa kiasi hicho katika miezi hiyo.