Maji ya alkali na damu: nani hasa hupima tindikali mwilini?

Mwezi Novemba mwaka 2018, baraza la wazee wa mahakama mjini San Diego, katika jimbo la California nchini Marekani, lilimwamuru Robert O. Young amlipe mwanamke mmoja fidia ya dola milioni 105. Mwanamke huyo alikuwa na saratani ya matiti. Alidai kwamba Young alimshawishi aachane na tiba ya hospitali na badala yake afuate mpango wake wa kuondoa tindikali mwilini, na kwamba katika muda huo saratani ilisambaa. Miaka miwili kabla ya hapo, mahakama ya jinai ilikuwa imemtia Young hatiani kwa kufanya kazi ya udaktari bila leseni, na mwaka 2017 alihukumiwa kifungo cha miaka 3 na miezi 8. Wagonjwa walikuwa wakifika kwenye shamba lake na kutundikiwa dripu zenye bikaboneti ya sodiamu, unga uleule unaotiwa katika keki ili iumuke.

Vitabu vya Young kuhusu kile alichokiita mwujiza wa pH viliuzwa katika nchi nyingi, na nadharia iliyomo haikukoma kwa hukumu hiyo. Hata katika miji ya Afrika Mashariki, maji ya alkali huuzwa kwa bei inayozidi ile ya maji ya kawaida, na zipo mashine za kuyatengeneza nyumbani ambazo bei yake humshinda mfanyakazi wa kawaida. Maneno ya muuzaji hubadilika kidogo tu: nyama, sukari na mawazo huifanya damu kuwa na tindikali, tindikali huleta magonjwa, maji na mboga za alkali huirudisha damu katika hali yake. Sehemu ya kwanza ya madai hayo inaweza kupimwa kwa hesabu ndogo, na hesabu hiyo huanzia tumboni.

Kipimo cha pH kilibuniwa na mkemia wa Denmark, Søren Sørensen, mwaka 1909. Namba 7 ni maji safi. Chini yake ni tindikali, juu yake ni alkali. Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba kila hatua moja ya kipimo hiki ni badiliko la mara kumi, si la moja kwa moja kama ngazi za nyumba. Tofauti ya hatua mbili ni mara mia, na ya hatua tatu ni mara elfu.

Tuchukue basi lita moja ya maji safi yaliyopandishwa na mashine hadi pH 9.5. Maji ya tumboni, wakati tumbo halina chakula, huwa na pH ya karibu 1.5. Maji ya mashine yako hatua mbili na nusu juu ya 7. Maji ya tumbo yako hatua tano na nusu chini yake. Baina ya nguvu za pande hizo mbili kuna hatua tatu, yaani mara elfu. Kwa hiyo lita nzima ya maji hayo huzimwa na elfu moja yake ya maji ya tumbo, ambayo ni mililita moja: sehemu ya tano ya kijiko cha chai. Tumbo la mtu mzima hutoa lita moja na nusu hadi mbili za maji hayo kwa siku.

Maji ambayo alkali yake hutokana na madini ya bikaboneti yana uzito zaidi kidogo. Yakiwa na bikaboneti ya kiasi kinachopatikana katika maji mengi ya chupa, lita moja inaweza kuhitaji mililita sitini za maji ya tumbo badala ya moja. Ni nyingi, ila bado haizidi robo ya kikombe kikubwa. Tena tumbo likitumia tindikali, hutengeneza nyingine, na kila linapoimimina tindikali upande wa ndani, huachia bikaboneti ya kiasi hichohicho upande wa damu. Mbele kidogo, kongosho huchukua bikaboneti kutoka katika damu na kuimwaga kwenye utumbo mwembamba ili kuzima tindikali inayoshuka. Mwili huo, hata ukinywa maji ya bomba tu, hupitisha kwa siku alkali nyingi zaidi ya zile zilizomo katika chupa yoyote.

Damu yenyewe hukaa kati ya pH 7.35 na 7.45. Ni njia nyembamba sana, na anayeitunza kwa dakika na saa si tumbo bali ni mapafu. Kila chembechembe ya mwili ikichoma chakula hutoa hewa ya kaboni dioksidi, na hewa hiyo ikiyeyuka katika damu hugeuka kuwa tindikali. Ubongo huwa na vipima hewa hiyo. Ikizidi, pumzi huenda haraka. Ikipungua, pumzi hutulia. Mtu hawezi kujizuia kupumua kwa muda mrefu, na msukumo unaomshinda hautokani hasa na uhaba wa oksijeni. Hutokana na kaboni dioksidi inayopanda.

Kinyume chake pia kinaonekana kwa macho. Mtu aliyeingiwa na hofu kubwa akapumua kwa nguvu na kwa kasi huitoa kaboni dioksidi kupita kiasi, na baada ya dakika chache damu yake hupanda na kuvuka 7.5. Hapo ndipo amepata ile damu ya alkali inayosifiwa. Midomo hufa ganzi, vidole huchomachoma na kukakamaa, kichwa huzunguka, kwa sababu alkali ikizidi, kalsiamu iliyo huru katika damu hujishikiza kwenye protini na mishipa ya fahamu huanza kujirusha. Wauzaji wa maji hawaitaji hali hii, pengine kwa kuwa hakuna aliyewahi kuipata kwa kunywa maji yao.

Lipo kundi jingine la tindikali ambalo haliwezi kutoka kwa pumzi. Protini ya nyama, mayai, samaki, na hata ya nafaka kama mahindi na mchele, ina salfa, na salfa hiyo ikichomwa huacha tindikali ya salfa kwa kiasi kidogo. Hapa wafuasi wa mlo wa alkali wameshika kipande cha ukweli. Mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu walichoma vyakula hadi vikawa majivu, wakapima majivu hayo: ya nyama yalikuwa ya tindikali, ya mboga na matunda yalikuwa ya alkali. Limau, chachu kama lilivyo, lilionekana kuwa la alkali, kwa sababu tindikali yake huteketea ikawa maji na hewa na kuacha chumvi za potasiamu. Mwilini nako mambo hayaendi mbali sana na hapo.

Lakini kazi ya kuondoa mabaki hayo ni ya figo. Figo hurudisha katika damu karibu bikaboneti yote iliyochujwa, hutengeneza mpya ya kufidia iliyotumika, na kuitoa tindikali ikiwa imefungwa na amonia na fosfeti. Ndiyo maana mkojo una uhuru ambao damu haina: huweza kushuka hadi pH 4.5 na kupanda hadi 8 bila mtu kuugua. Aliyekula nyama jioni hukojoa tindikali. Aliyekula mchicha na ndizi hukojoa alkali.

Mtego wenyewe uko hapa. Katika semina za mauzo, mteja hupewa kijikaratasi cha kupimia mkojo. Siku ya kwanza kinaonyesha tindikali. Baada ya wiki ya mboga na maji yaliyonunuliwa, rangi imebadilika, na mteja huamini kuwa damu yake imebadilika. Kijikaratasi hakikudanganya, ila kilisoma kile kilichotupwa nje, na mtu anayetazama taka za nyumba hajui kwa hakika kilichobaki ghalani. Mkojo wenye tindikali asubuhi baada ya mlo wa nyama ni dalili ya figo zinazofanya kazi. Mate nayo hubadilika kwa chakula na kwa kasi ya kutoka kwake. Hayasemi lolote la maana kuhusu damu.

Madai kuhusu saratani yana mzizi wa aina hiyohiyo. Ni kweli kwamba eneo linalouzunguka uvimbe wa saratani mara nyingi huwa na tindikali. Tindikali hiyo hutengenezwa na uvimbe wenyewe, unaochoma sukari kwa pupa na kutoa tindikali ya laktiki. Ni moshi wa moto huo, na haukuuwasha. Kikombe cha maji hakifiki hapo bila kupita tumboni, katika damu na katika figo, ambazo zote zimeshasahihisha kilichomo.

Damu yenye tindikali kweli ipo, nayo ni dharura. Mgonjwa wa kisukari aliyekosa insulini huanza kuchoma mafuta badala ya sukari, na mafuta hayo huacha tindikali zinazoitwa ketoni. Bikaboneti huisha, pH hushuka chini ya 7.3, na mapafu hujaribu kuokoa hali: pumzi huwa nzito na za kina, kama za mtu aliyetoka kukimbia, ingawa amelala. Huambatana na kiu kali, kutapika, maumivu ya tumbo na pumzi yenye harufu ya matunda, kisha usingizi usio wa kawaida. Hospitalini damu huchukuliwa, mara nyingi kutoka mshipa wa ateri kwenye kifundo cha mkono, na pH husomwa kwa mashine kwa dakika chache. Tiba ni insulini, maji ya mshipani na potasiamu. Hata hapo madaktari kwa kawaida hawakimbilii bikaboneti isipokuwa pH imeshuka mno, maana ketoni zikisimamishwa mwili hujirekebisha wenyewe.

Wenye ugonjwa sugu wa figo ndio ambao tindikali huwajia polepole, kwa kuwa chombo cha kuiondoa kimechoka. Hao huweza kuandikiwa vidonge vya bikaboneti baada ya damu kupimwa, na wengine hushauriwa kuongeza matunda na mboga. Lakini vyakula hivyohivyo vimejaa potasiamu, ambayo figo dhaifu hushindwa kuitoa, na ikizidi katika damu husimamisha moyo. Mgonjwa wa figo anayeanza mlo wa alkali kwa ushauri wa muuzaji, akijaza parachichi, ndizi na maji ya madafu, huenda asihisi chochote hadi siku mapigo ya moyo yatakapovurugika. Kwake yeye kipimo cha potasiamu na cha bikaboneti hutangulia kabla ya kubadilisha sahani.