Orodhahakiki ya ukaguzi wa upokeaji bidhaa

Orodhahakiki ya ukaguzi wa upokeaji bidhaa ni fomu anayoijaza mtunza stoo mzigo unaposhushwa, kabla haujaingia kwenye rafu. Wapo wanaofupisha na kusema "ukaguzi wa mapokezi". Ufupisho huo unaleta utata hospitalini, kwa kuwa mapokezi pale ni dirisha la kuandikisha wagonjwa. "Upokeaji bidhaa" haina utata huo. Tutenganishe pia kupokea na kukubali. Anayetia saini hati ya dereva amekiri kwamba maboksi yamefika. Kuyakubali ni hatua nyingine, nayo huja baada ya fomu hii kujazwa. Ndiyo maana watunza stoo makini huandika juu ya saini yao: "Imepokelewa, haijakaguliwa."

Fomu hutafuta mambo matatu: kasoro, saizi isiyoagizwa, na bidhaa iliyobakiwa na muda mfupi wa matumizi. Kwa kuwa mzigo mkubwa haukaguliwi kipande kwa kipande, huchukuliwa sampuli, yaani sehemu ndogo inayouwakilisha wote. Ila matatizo haya matatu hayakai mahali pamoja ndani ya mzigo, na sampuli ya namna moja haiwezi kuyakamata yote.

Tuchukue mfano wa hospitali iliyoagiza jozi 1,000 za glovu za upasuaji: 600 za saizi 7½ na 400 za saizi 7. Yamefika maboksi 20, kila moja likiwa na jozi 50. Maboksi 12 ya saizi 7½ ni ya bechi moja, na manane ya saizi 7 ni ya bechi nyingine. Bechi ni bidhaa zilizotengenezwa pamoja kiwandani, kwa hiyo kila bechi hukaguliwa peke yake. Ukizichanganya, bechi nzuri itaificha mbaya.

Tuanze na kasoro, kama pakiti iliyochanika au isiyozibwa vizuri. Hizi hutawanyika huku na huku, na hapa ndipo jedwali la sampuli linapotumika. Kiwango cha kimataifa cha ISO 2859-1, katika ukaguzi wa kawaida, kinataka jozi 80 kwa bechi ya 600 na jozi 50 kwa bechi ya 400. Hospitali ikiwa imechagua kiwango cha ubora kinachokubalika cha 2.5, bechi ya kwanza itapita ikionekana na kasoro zisizozidi 5, na ya pili zisizozidi 3. Pakiti hukaguliwa kwa nje tu, maana ukiifungua umeshaharibu usafi wake. Tuseme katika zile 80 zimeonekana pakiti mbili zilizochanika. Bechi inapita, na hizo mbili zinarudishwa kwa mzabuni.

Saizi ina tabia nyingine. Aghalabu anayekosea ni mfungaji, na kosa lake hulikumba boksi zima: lebo ya nje inasema 7½, ndani mmejaa saizi 8. Ukizitoa jozi 80 kwenye maboksi mawili yaliyo karibu na mlango, hutaligundua. Kwa hiyo toa jozi sita au saba katika kila boksi kati ya yale 12, juu, katikati na chini, usome saizi iliyochapwa kwenye pakiti yenyewe.

Tarehe ya mwisho wa matumizi ni ya bechi nzima, hivyo haihitaji kubahatisha. Soma lebo ya kila boksi, yote 20, kisha uhakikishe kwamba pakiti za ndani zina namba ya bechi na tarehe hiyohiyo. Katika mfano wetu, saizi 7 imebakiza miezi 9 ilhali mkataba unataka isiyopungua 18. Glovu hizo hazijaisha muda wala hazina kasoro. Lakini hospitali inatumia jozi 30 za saizi hiyo kwa mwezi, kwa hiyo katika miezi 9 zitatumika 270 na 130 zitaishia rafuni. Hapo mkaguzi hukataa bechi, au uongozi hukubaliana na mzabuni kwa maandishi kwamba azibadilishe zitakazobaki.

Sampuli nayo ina mpaka wake. Bechi ya jozi 600 yenye mbovu sita inaweza kukupa sampuli ya 80 isiyo na hata moja mbovu, na hilo hutokea takriban mara nne katika kila kumi. Kwa hiyo usiandike "hakuna kasoro". Andika "zimekaguliwa 80, zenye kasoro 0", pamoja na namba ya bechi na maboksi yaliyofunguliwa. Fomu yenye alama za vema peke yake haitakusaidia siku mzabuni atakapobisha.