Kodi Isiyonunua Nyumba: Historia ya Umiliki wa Pamoja wa Makazi nchini Uingereza, 1975–2025

1.0 Utangulizi

Mtu anayeanza maisha na kutafuta nyumba yake ya kwanza hukutana na njia mbili zinazofanana kwa jina. Katika njia ya kwanza, ambayo ni kupanga kwa lengo la kununua, mhusika huanza akiwa mpangaji, na baada ya miaka kadhaa hupewa nafasi ya kuinunua nyumba anayoishi. Katika njia ya pili, ambayo ni umiliki wa pamoja, mhusika hununua sehemu ya nyumba tangu siku ya kwanza na kulipia kodi sehemu iliyobaki. Katika njia zote mbili fedha hutoka mfukoni mwake kila mwezi. Swali linaloamua hatima yake ni moja: fedha hizo zinahesabiwa kuwa nini?

Makala hii inachunguza swali hilo kupitia historia ya umiliki wa pamoja nchini Uingereza tangu katikati ya miaka ya 1970 hadi mwaka 2025. Hoja inayojengwa ni kwamba mpango huu ulitangazwa kwa lugha ya umiliki, ilhali mikataba yake iliandikwa kwa lugha ya upangaji. Tofauti hiyo haikuonekana pale ambapo mkazi alilipa kwa wakati. Ilijitokeza aliposhindwa kulipa.

2.0 Chimbuko la Mpango

Katikati ya miaka ya 1970, Halmashauri ya Jiji la Birmingham ilianzisha mpango uliojulikana kama "nusu kwa nusu". Familia ambayo kipato chake hakikutosha kupata mkopo wa nyumba nzima iliweza kununua nusu na kulipia halmashauri kodi ya nusu iliyosalia. Sheria ya Nyumba ya mwaka 1980 ilisaidia kuipa njia hii nafasi katika mfumo wa makazi, na vyama vya nyumba, yaani taasisi zisizolenga faida zinazojenga na kupangisha makazi ya watu wa kipato cha kawaida, vikawa watoaji wake wakuu. Kwa kawaida mnunuzi alianza na sehemu kati ya robo na robo tatu ya nyumba.

Wanasheria walikabiliwa na tatizo tangu mwanzo. Kumfanya mkazi na chama cha nyumba kuwa wamiliki wawili wa mali moja kungezaa migogoro mingi, hususan kuhusu uuzaji na mirathi. Ufumbuzi ukawa mkataba wa pango wa muda mrefu, mara nyingi wa miaka 99. Chama kilibaki kuwa mwenye nyumba. Mkazi alitoa malipo ya mkupuo ya kuingilia, sawa na bei ya sehemu yake, kisha akawa mpangaji wa nyumba nzima kwa kodi iliyopunguzwa. Hivyo basi, kile kilichoitwa "sehemu" katika matangazo kilikuwa, kwa jicho la sheria, bei ya kuingia katika mkataba wa pango.

3.0 Namna Malipo Yalivyogawanywa

Mkazi wa umiliki wa pamoja hulipa mafungu matatu. La kwanza ni marejesho ya mkopo wa benki alioutumia kununua sehemu yake. La pili ni kodi ya sehemu ya chama. La tatu ni ada ya huduma, kama vile bima ya jengo na usafi wa maeneo ya pamoja. Kati ya mafungu hayo, ni la kwanza pekee linalomjengea mkazi mali, na hata hilo ni kwa kiasi kinachopunguza deni lenyewe, si riba.

Mfano wa kukokotoa unaweza kulifafanua jambo hili. Tuseme nyumba ina thamani ya pauni 200,000 na mkazi ananunua asilimia 40, yaani pauni 80,000. Anatanguliza pauni 8,000 na kukopa 72,000. Sehemu ya chama ni pauni 120,000. Kiwango cha kodi kilichozoeleka ni asilimia 2.75 ya thamani hiyo kwa mwaka, sawa na pauni 3,300, au pauni 275 kwa mwezi. Baada ya miaka kumi mkazi atakuwa amelipa kodi isiyopungua pauni 33,000, hata kabla ya kuzingatia nyongeza ya kila mwaka ambayo mikataba huifungamanisha na mfumuko wa bei. Hata hivyo, sehemu yake itakuwa ni ileile asilimia 40. Hakuna hata pauni moja ya kodi iliyopunguza sehemu ya chama.

Mkazi akitaka kuongeza sehemu yake, hatua inayofananishwa na kupanda ngazi, hununua kwa bei ya soko ya siku hiyo. Ikiwa nyumba imepanda na kufikia pauni 260,000, asilimia 10 ya nyongeza itamgharimu pauni 26,000, wala si 20,000 kama ingekuwa siku ya kwanza. Aidha, gharama ya mthamini na ya mwanasheria humwangukia yeye. Kodi yake itapungua kwa sehemu moja ya sita, kwa kuwa chama sasa kinamiliki asilimia 50 badala ya 60. Kuhusu matengenezo, mikataba ya awali ilimtwisha mkazi gharama yote, hata kama alimiliki robo tu ya nyumba. Hapa ndipo alipobeba wajibu wa mmiliki kamili akiwa na haki za mpangaji.

4.0 Kesi ya Mwaka 2007

Udhaifu wa mpangilio huu ulidhihirika katika kesi iliyohusu chama cha nyumba cha Midland Heart, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu mwezi Novemba 2007. Mwaka 1995 mwanamke mmoja alilipa pauni 29,500 kwa ajili ya nusu ya nyumba, kwa mkataba wa miaka 99. Baada ya mumewe kufungwa, alipokea vitisho, akalazimika kuihama nyumba hiyo. Alijaribu kuiuza bila mafanikio, na malimbikizo ya kodi yakafikia takriban pauni 3,000. Chama kikaomba mahakama irejeshe nyumba mikononi mwake.

Ili kuuelewa uamuzi, ni lazima kurejea Sheria ya Nyumba ya mwaka 1988. Sheria hiyo iliunda aina mpya ya upangaji wa makazi na kuorodhesha sababu ambazo mwenye nyumba angeweza kuzitumia kumwondoa mpangaji. Sababu ya Nane ilihusu malimbikizo ya takriban miezi miwili ya kodi. Ikithibitishwa, hakimu hakuwa na hiari. Alilazimika kutoa amri. Sheria iliwatenga wapangaji wa muda mrefu wanaolipa kodi ndogo sana, isiyozidi pauni 250 kwa mwaka nje ya London. Lakini mkazi wa umiliki wa pamoja, kwa kuwa alilipa kodi halisi ya sehemu ya chama, alivuka kiwango hicho kwa urahisi. Akajikuta katika kundi moja na mpangaji wa mwezi hadi mwezi, ambaye ndiye hasa aliyelengwa na sheria hiyo.

Mwanamke huyo alidai kwamba alikuwa na haki mbili: ya mpangaji, na ya mmiliki wa nusu ya thamani ya nyumba. Mahakama haikukubali. Ilieleza kwamba palikuwa na mkataba mmoja tu wa pango, na kwamba pauni 29,500 zilikuwa bei ya kuupata mkataba huo. Upangaji ulipokoma, hapakubaki kitu ambacho angeweza kukidai kama haki yake. Kwa deni la pauni 3,000, mkazi alipoteza haki ya kisheria juu ya nusu nzima.

Kesi hiyo inapata uzito zaidi ikilinganishwa na nafasi ya benki. Mikataba ya kawaida ya umiliki wa pamoja huwa na kifungu cha kumlinda mkopeshaji: mkazi akishindwa kurejesha mkopo, benki inaweza kuichukua nyumba, kuiuza nzima na kufidia upungufu wake, kwa kiwango maalumu, kutoka katika fungu la chama. Bila ulinzi huo benki zisingekopesha. Fedha za mkopeshaji ziliwekewa kinga mahususi katika mkataba. Zile ambazo mkazi alizitoa mfukoni mwake hazikuwekewa.

5.0 Kodi Inapohesabiwa

Mfano kutoka Wales unaonyesha kwamba kodi inaweza kutendewa vinginevyo, mradi mkataba useme hivyo. Mwaka 2018 serikali ya Wales ilianzisha mpango wa kupanga kwa lengo la kumiliki. Mkazi hulipa kodi ya soko kwa muda usiozidi miaka mitano. Anapoamua kununua, hupewa asilimia 25 ya kodi aliyolipa na nusu ya ongezeko la thamani ya nyumba, na fedha hizo huwa malipo yake ya awali.

Kwa mfano, mkazi aliyelipa pauni 700 kwa mwezi kwa miaka minne atakuwa ametoa pauni 33,600; robo yake ni pauni 8,400. Nyumba ikiwa imepanda kutoka pauni 150,000 hadi 160,000, anaongezewa 5,000, na jumla inakuwa pauni 13,400. Hata hivyo, fedha hizo ni zake pale tu anaponunua. Akihama, au akinyimwa mkopo na benki, malipo yote hubaki kuwa kodi ya kawaida. Kwa hiyo mkazi wa Wales hahatarishi mtaji kama yule wa mwaka 1995, lakini naye hana mali yoyote hadi siku ya kununua.

6.0 Marekebisho na Hitimisho

Mkataba wa mfano uliotolewa nchini Uingereza mwaka 2021 ulipunguza baadhi ya mizigo. Kiwango cha chini cha kuanzia kilishushwa hadi asilimia 10, mkazi akaruhusiwa kuongeza asilimia moja moja, muda wa pango ukawa miaka 990, na chama kikapewa jukumu la kuchangia matengenezo katika miaka kumi ya mwanzo. Marekebisho hayo hayakuigusa kodi: iliendelea kuwa malipo ya kukaa, si ya kununua. Mikataba iliyotangulia nayo iliendelea kwa masharti yake ya zamani.

Pengo lililoonekana mwaka 2007 lilishughulikiwa na Sheria ya Haki za Wapangaji ya mwaka 2025, iliyoyatoa mapango yanayozidi miaka 21 katika kundi la upangaji wa sheria ya 1988. Mwenye nyumba anayetaka kuuvunja mkataba wa aina hiyo hana tena njia ya Sababu ya Nane. Hubakiwa na njia ya kunyang'anya pango, ambamo mahakama ina uwezo wa kumpa mkazi nafasi ya kulipa deni na kuirejesha haki yake.

Miaka 18 ilipita kati ya uamuzi huo na sheria hiyo. Katika kipindi chote hicho, mkazi aliyetaka kujua hali ya fedha zake asingepata jibu kwa kusoma jina la mpango. Jibu lilikuwa katika vifungu vinavyoeleza malipo yatakuwa ya nani siku ambayo mkataba utavunjika.