Sentensi ya kwanza ya kujitambulisha: namna za kuepuka «Habari za asubuhi, jina langu ni…»

Kitenzi *jitambulisha* kimetokana na *tambua*, yaani kujua kitu kwa kukitofautisha na kingine. Ukikinyambua katika kauli ya kusababisha unapata *tambulisha*, na kiambishi *ji-* kinamrudishia mtendaji tendo lake mwenyewe. Kujitambulisha, kwa hiyo, ni kumwezesha msikilizaji akutofautishe na wengine. Hili si sawa na *kujitaja*, ambako ni kutamka jina tu. Sentensi «Habari za asubuhi, jina langu ni fulani» inajitaja, lakini haijitambulishi.

Makala haya yanahusu mazingira mamoja ambamo tofauti hiyo ina gharama: usaili wa kazi, ambao nchini Kenya aghalabu huitwa mahojiano. Wajumbe wa jopo husema «Tafadhali jitambulishe», na mwombaji ana sentensi moja au mbili kabla hawajarudisha macho kwenye makaratasi yao.

Kasoro ya fomula

Kila sentensi ya taarifa hujibu swali, hata pale ambapo swali halikutamkwa. «Jina langu ni Rehema» hujibu swali «Jina lako nani?». Katika Kiswahili, taarifa mpya kwa kawaida hukaa mwishoni mwa sentensi, na kinachojulikana tayari hutangulia. Sentensi hii basi huweka uzito wote kwenye jina, ilhali jopo lina barua ya maombi yenye jina hilo. Mwombaji amewapa wajumbe, mahali penye uzito zaidi, kitu walichokuwa nacho.

«Kwa majina naitwa…», inayopendwa sana Tanzania, ina kasoro hiyo hiyo na huongeza nyingine. *Kwa majina* na *naitwa* yanafanya kazi moja, kwa hiyo kimojawapo ni cha ziada. Si kosa la sarufi. Ni mazoea ya jukwaani yaliyohamia chumba cha usaili.

Salamu haiachwi, hutenganishwa

Wapo wanaodhani kwamba kuepuka fomula ni kuiacha salamu. Katika jamii za Waswahili hilo ni kosa kubwa kuliko fomula yenyewe. Tatizo halimo katika salamu, bali katika kuibana salamu na jina ndani ya pumzi moja.

«Habari za asubuhi?» ni swali, na linadai jibu: «Nzuri» au «Njema». Vivyo hivyo «Shikamooni» hudai «Marahaba», na «Hamjambo?» hudai «Hatujambo». Anayetamka salamu hizi kisha akaendelea na jina bila kutua amewauliza wazee swali na kuwanyima nafasi ya kulijibu. Dalili yake husikika: mjumbe mmoja anaitikia «Nzuri» huku mwombaji akiwa tayari amefika kwenye jina la pili, na sauti zinagongana.

Usaili una zamu mbili tofauti. Ya kwanza ni mlangoni: mwombaji husalimu, hujibiwa, hukaribishwa kiti. Ya pili huanza jopo linapomwomba ajitambulishe. Aliyekwisha salimu katika zamu ya kwanza hasalimu tena katika ya pili. Aliyekariri fomula husalimu mara mbili, na pengine husema *asubuhi* wakati ni saa tisa alasiri.

Ikiwa zamu ya kwanza haikupatikana, kwa mfano mwombaji ameingizwa na kuambiwa aanze mara moja, ziko njia mbili zisizodai jibu. Moja ni *Nawasalimu*, kauli ambayo hutimiza tendo la kusalimu kwa kutamkwa kwake na humwachia msemaji aendelee. Pia huepusha mashaka ya *Shikamooni* mbele ya jopo lenye mjumbe aliye mdogo kuliko mwombaji. Ya pili ni *Asanteni kwa kunipa nafasi hii*. Kiishio *-ni* kisisahaulike: *Asante* kwa jopo la watu watano humshukuru mmoja na kuwaacha wanne.

Chaguo tatu za kufungulia

*1. Kuanza na tendo.* Hili ndilo chaguo linalofaa mara nyingi zaidi. Kitenzi huchukua mahali pa nomino, na kipindi hutangulizwa: «Kwa miaka sita nimekuwa nikihudumia watoto njiti.» Njeo hapa ina uzito wake. *Nilihudumia* hueleza kazi iliyokwisha, na mjumbe makini atauliza kwa nini uliacha. *Nimehudumia* hueleza kwamba kazi imefanyika, bila kusema kama inaendelea. *Nimekuwa nikihudumia* huunganisha *-me-* na *-ki-* na kuonyesha kazi iliyoanza zamani na ingali ikifanywa. Mwombaji achague ile iliyo kweli kwake.

*2. Kuanza na uhusiano na kazi inayoombwa.* «Nafasi mliyoitangaza ni ya zamu ya usiku, na usiku ndio niliozoea kufanya kazi.» Mwanzo wa sentensi unabeba kinachojulikana na jopo, yaani tangazo lao, na mwisho unaleta jambo jipya. Mpangilio huu unafuata mwendo wa kawaida wa taarifa katika lugha, ndiyo maana husikika wa asili hata kama mwombaji aliuandaa. Mipaka yake ni kwamba hauna maana pale ambapo tangazo lilikuwa la jumla.

*3. Kuanza na asili, pale asili inapohusika.* Hospitali iliyo pembezoni inaweza kujali kwamba mwombaji ni mtu wa mahali pale na hataomba uhamisho baada ya miezi sita. Hapa neno lichaguliwe kwa uangalifu. *Natoka Kigoma* lina maana mbili: asili yangu ni Kigoma, au huko ndiko nilikoanzia safari. *Nimetoka Kigoma* huelekea zaidi maana ya safari. *Mzaliwa wa Kigoma* ni aliyezaliwa huko, hata kama alilelewa kwingine. *Mwenyeji wa Kigoma* ni anayeishi huko na kupajua. Kwa hoja ya kutohama, neno linalohitajika ni *mwenyeji*.

Milango inayoonekana mipya, lakini imechakaa

Methali ni mmojawapo. Anayefungua kwa «Wahenga walisema…» ameacha fomula moja na kushika nyingine. Baadhi ya methali pia humgeuka msemaji. «Mgeni njoo, mwenyeji apone» ni kauli ya kupendeza kinywani mwa mwenyeji. Mwombaji akiisema, yeye ndiye mgeni, na maana yake inakuwa: nimekuja kuwaponya.

Swali la balagha nalo, «Je, mnajua kwamba…?», hupindua nafasi za watu chumbani. Katika usaili jopo ndilo linalouliza.

Mlango wa tatu ni wa msisitizo: «Mimi ndiye niliyeanzisha…», ambao kwa upatanisho kamili wa nafsi huwa «Mimi ndimi niliyeanzisha…». Muundo huu huchukulia kwamba msikilizaji anajua jambo lilitendeka na anachotafuta ni mtendaji. Kama jopo halijawahi kusikia habari ya jambo hilo, sentensi husikika kama majigambo, ingawa kila neno ndani yake ni kweli. «Nilianzisha…» inatosha.

Mfano uliochambuliwa

Tuseme muuguzi anaomba kazi katika wodi ya watoto wachanga. Jina Rehema ni la mfano tu. Rasimu yake ya kwanza ni hii:

> Habari za asubuhi. Kwa majina naitwa Rehema. Mimi ni muuguzi mwenye uzoefu wa miaka sita na ninapenda sana kazi yangu.

Salamu inaondolewa kwa kuwa ilikwisha tolewa mlangoni. Kisha tunatazama *muuguzi mwenye uzoefu wa miaka sita*. Nomino *uzoefu* inaficha tendo: alizoea kufanya nini? Tukimuuliza, anajibu kwamba amekuwa akiwahudumia watoto njiti, na kwamba kwa miaka minne ya mwisho amefanya zamu za usiku. Hayo ndiyo maneno yake ya kweli, na rasimu iliyafunika. *Ninapenda sana kazi yangu* huondoka, kwa sababu hakuna mwombaji atakayesema kinyume chake.

Jina linabaki, ila linahama. Likija baada ya tendo, wajumbe huwa na kitu cha kulifunga nalo, na *naitwa* peke yake inatosha:

> Asanteni kwa kunipa nafasi hii. Kwa miaka sita nimekuwa nikihudumia watoto njiti, na minne kati ya hiyo nimeifanya katika zamu za usiku. Naitwa Rehema, na kwa sasa nasimamia wauguzi watatu wa zamu hiyo.

Sentensi ni tatu, na hakuna neno la fahari ndani yake. Angalia kwamba *minne* imepatana na *miaka*, na *-i-* katika *nimeifanya* vilevile. Mwombaji mwenye wasiwasi hukosea hapa kwa kusema *nne kati ya hiyo*, kwa hiyo sentensi yenye hesabu isemwe kwa sauti mara kadhaa kabla ya siku yenyewe.

Jinsi ya kuipima sentensi

Kipimo cha kwanza hufanyika nyumbani. Badilisha jina tu katika sentensi yako, kisha jiulize kama mwombaji aliyeketi karibu nawe kwenye benchi angeweza kuisema bila kusema uongo. Kama angeweza, haijakutambulisha.

Cha pili hufanyika chumbani, nacho ni swali linalofuata. Jopo likichukua neno kutoka kinywani mwako, kwa mfano «Hao njiti mlikuwa mkiwalishaje usiku?», sentensi imefanya kazi. Wakisema «Haya, tueleze uzoefu wako», wamekuomba uanze upya.

Pale ambapo jina litangulie

Fomula ya jina kwanza si mbaya kila mahali. Jopo likianza kwa kulinganisha waombaji na orodha, mwombaji akizungumza kwa simu na mtu asiyemwona, au shahidi akisimama kizimbani, swali halisi ni «Wewe ni nani kwa jina?», na jibu sahihi ni jina kamili kama lilivyo kwenye vyeti. Hapo *Naitwa* au *Jina langu ni* yote mawili ni fasaha, na tendo lingoje zamu yake.