Ngazi ya dawa za maumivu

Ngazi ya dawa za maumivu ni utaratibu wa kuchagua dawa ya kutuliza maumivu kufuatana na ukali wa maumivu ya mgonjwa. Ulitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1986 kwa ajili ya wagonjwa wa saratani, na baadaye ukatumika pia kwa maumivu mengine. Una hatua tatu: dawa za kawaida kama parasetamoli, kisha afyuni dhaifu kama kodeini, na mwisho afyuni kali kama mofini.

Ngazi hiyo hufanya kazi ikiwa maumivu yamepimwa kabla ya dawa na kupimwa tena baada yake. Kwa sababu hiyo wanafunzi wa uuguzi hufundishwa pamoja mambo matatu: vipimo vya maumivu, hatua za dawa, na madhara ya afyuni ambayo muuguzi hupaswa kuyafuatilia.

## Kupima maumivu

Hakuna mashine inayopima maumivu. Kipimo kinachoaminika zaidi ni maneno ya mgonjwa mwenyewe, hata kama uso wake umetulia au mapigo ya moyo ni ya kawaida. Mtu aliyeishi na maumivu kwa miezi mingi anaweza kuzungumza na hata kucheka huku akiumia sana.

Kipimo cha kawaida kwa watu wazima ni namba kuanzia 0 hadi 10. Namba 0 maana yake hakuna maumivu, na 10 ni maumivu makali kuliko yote anayoweza kuyafikiria. Kwa kawaida 1 hadi 3 huhesabiwa kuwa maumivu madogo, 4 hadi 6 ya wastani, na 7 hadi 10 makali.

Katika huduma za tiba shufaa za Afrika Mashariki hutumika pia kipimo cha mkono. Ngumi iliyofungwa ni maumivu hakuna, kidole kimoja ni maumivu kidogo, na vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Kipimo hiki kinamfaa mtu asiyezoea kutaja hali ya mwili kwa namba. Kwa kuwa kinaishia 5, muuguzi huandika "4 kati ya 5" na si "4" peke yake. La sivyo, mwenzake wa zamu inayofuata anaweza kusoma maumivu makali kama ya wastani.

Watoto kuanzia umri wa miaka 3 hivi huonyeshwa picha za nyuso sita za Wong-Baker, kutoka uso unaotabasamu hadi unaolia, nao huchagua mmoja. Mtoto mdogo zaidi hupimwa kwa kutazamwa. Kipimo kiitwacho FLACC huangalia mambo matano: uso, miguu, mwendo wa mwili, kilio, na kama anabembelezeka. Kila jambo hupewa alama 0 hadi 2, hivyo jumla ya juu kabisa ni 10.

Pamoja na namba, muuguzi huuliza maumivu yako wapi, yalianza lini, yakoje (yanachoma, yanakata, yanapwita), na ni nini kinachoyaongeza au kuyapunguza. Maumivu ya kuchoma yanayoshuka mguuni, kwa mfano, yanaweza kutokana na neva iliyobanwa, na mara nyingi huhitaji dawa ya nyongeza kama amitriptilini.

## Hatua tatu

Hatua ya kwanza ni kwa maumivu madogo. Mtu mzima mwenye ini zima huweza kupewa parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6, bila kuzidi gramu 4 kwa siku. Ibuprofeni au diklofenaki husaidia hasa penye uvimbe au maumivu ya mfupa, lakini huepukwa kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au hatari ya kutokwa na damu.

Hatua ya pili ni kwa maumivu ya wastani, au yale yaliyobaki baada ya hatua ya kwanza. Hapa huongezwa kodeini au tramadoli, na dawa ya hatua ya kwanza huweza kuendelea kwa sababu hufanya kazi kwa njia tofauti. Kodeini hubadilishwa na ini kuwa mofini, na watu hawabadilishi kwa kiasi sawa: mmoja hapati nafuu, mwingine hupata mofini nyingi mno. Ndiyo sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2012 uliondoa kodeini katika tiba ya maumivu sugu ya watoto na kuwawekea hatua mbili tu.

Hatua ya tatu ni kwa maumivu makali, na dawa yake kuu ni mofini. Afyuni dhaifu husimamishwa mofini inapoanza. Mgonjwa mwenye maumivu makali tangu mwanzo halazimiki kupitia hatua za chini. Mwongozo wa mwaka 2018 kuhusu maumivu ya saratani unaitaja ngazi kama chombo cha kufundishia, na unaruhusu tiba kuanza na afyuni kali kulingana na ukali wa maumivu.

## Mofini ya kunywa

Nchini Uganda mofini ya maji ilianza kutumika mwaka 1993, wakati daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda. Hutengenezwa kwa kuchanganya unga wa mofini na maji, kwa hiyo bei yake ni ndogo. Tangu mwaka 2004 sheria ya nchi hiyo inawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa kuandika mofini.

Dozi ya kuanzia kwa mtu mzima mara nyingi ni miligramu 5 kila baada ya saa 4, na miligramu 2.5 kwa mzee au aliyedhoofika. Hutolewa kwa saa zake bila kusubiri maumivu yarudi. Saa za kawaida ni saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana na saa 12 jioni. Saa 4 usiku dozi huongezwa maradufu ili mgonjwa asiamshwe usiku wa manane. Maumivu yakichomoza katikati, hupewa dozi ya ziada, nayo huandikwa. Muuguzi hupima maumivu tena baada ya saa moja hivi, kwa kuwa ndipo mofini ya kunywa inapofikia nguvu yake.

## Madhara ya afyuni

*Kufunga choo* humpata karibu kila mgonjwa anayetumia afyuni mfululizo, na mwili hauzoei. Kwa hiyo dawa ya choo, kama bisakodili, huanza siku ileile mofini inapoanza. Muuguzi huuliza kila siku choo cha mwisho kilikuwa lini. Kuhara kidogo kidogo baada ya siku kadhaa bila choo kunaweza kuwa maji yanayopita pembeni mwa kinyesi kigumu kilichokwama.

*Kichefuchefu* na *kusinzia* hutokea zaidi siku za kwanza na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki moja. *Muwasho* na *kushindwa kukojoa* hutokea mara chache zaidi. Mgonjwa anayehangaika kitandani bila kuweza kueleza sababu huguswa tumbo la chini, kwani kibofu kilichojaa kinaweza kudhaniwa kuwa maumivu mapya na kumletea mofini zaidi.

*Kupungua kwa upumuaji* ni nadra dozi ikipandishwa polepole, lakini kunaweza kuua. Kwa kawaida hutanguliwa na usingizi mzito. Kwa hiyo muuguzi hupima usingizi kabla ya kila dozi: je, mgonjwa yuko macho, anasinzia kidogo lakini anaamka kwa urahisi, anapitiwa na usingizi katikati ya sentensi, au haamki? Katika hali mbili za mwisho dozi haitolewi, na daktari huitwa mara moja. Pumzi huhesabiwa kwa dakika nzima, kabla ya kumgusa, maana mgonjwa akiamshwa hupumua haraka zaidi. Pumzi chini ya 10 kwa dakika ni hatari. Zikiwa chini ya 8 na mgonjwa haamki, huhitajika oksijeni na dawa ya nalokisoni.

Nalokisoni miligramu 0.4 huchanganywa na maji ya chumvi hadi kufikia mililita 10, kisha hutolewa mshipani mililita 1 kila baada ya dakika 2 mpaka pumzi ziongezeke. Ikitolewa yote kwa mara moja, maumivu hurudi ghafla kwa ukali. Nguvu yake huisha mapema kuliko ya mofini, hivyo mgonjwa aliyezinduka bado anaweza kuzama tena na huendelea kuangaliwa.

## Mfano wa mgonjwa

Mfano ufuatao hutungwa kwa ajili ya mafunzo. Mama wa miaka 58 mwenye saratani ya mlango wa kizazi anaonyesha vidole 4 kati ya 5. Amekuwa akitumia parasetamoli na kodeini bila nafuu. Anaanzishiwa mofini miligramu 5 kila saa 4, yaani miligramu 30 kwa siku, pamoja na bisakodili usiku.

Siku ya pili amehitaji dozi 3 za ziada za miligramu 5. Jumla ya siku ni 30 + 15 = miligramu 45. Ikigawanywa kwa 6, dozi mpya ni miligramu 7.5. Kwa mofini yenye miligramu 5 ndani ya mililita 5, hiyo ni mililita 7.5. Siku ya tatu anaonyesha kidole 1, anakula na kuzungumza.

Siku ya sita, saa 4 asubuhi, maumivu ni ngumi, yaani 0. Kwa kutazama kipimo hicho peke yake, tiba imefaulu. Lakini mama anasinzia kabla ya kumaliza kujibu, mikono inashtuka-shtuka, mboni za macho zimekuwa ndogo sana, na pumzi ni 10 kwa dakika. Binti yake anasema hajakojoa vizuri tangu jana.

Dozi haikupandishwa tangu siku ya pili, kwa hiyo tatizo si kipimo cha dawa. Saratani ya mlango wa kizazi inaweza kubana mirija inayotoa mkojo kwenye figo. Figo zikishindwa, mabaki ya mofini yenye nguvu kama yake hujikusanya mwilini. Muuguzi anazuia dozi, anamwinua kichwa, anamwita daktari, na kuhesabu pumzi kila baada ya dakika 15. Kwa kuwa anaamka anapoitwa, nalokisoni inawekwa tayari bila kutolewa. Damu inapimwa kuona hali ya figo. Anapozinduka vizuri na maumivu kuanza kurudi, daktari anaandika dozi ndogo zaidi, miligramu 2.5 kila baada ya saa 8.

Katika daftari la zamu, kwa hiyo, maumivu 0 huandikwa pamoja na kiwango cha usingizi na idadi ya pumzi.