Uzalishaji holela wa watoto wa mbwa katika pwani ya Bagamoyo

Uzalishaji holela wa watoto wa mbwa ni ufugaji ambao majike huzalishwa mfululizo kwa ajili ya soko, bila kujali afya yao, ya watoto wao wala ya ukoo. Katika ukanda unaotoka Tegeta na Bunju kupitia Mapinga na Kerege hadi Bagamoyo mjini, biashara hii inategemea nyumba mpya zenye uzio, ambazo wenyewe wanatafuta mbwa wa ulinzi, hasa Jemani Shepadi, Rotwaila na Boeboli. Sehemu kubwa ya mauzo huanza kwa picha za WhatsApp. Mnunuzi hutuma pesa kwa simu, kisha hukabidhiwa mtoto wa mbwa ndani ya boksi kwenye kituo cha mafuta au stendi ya daladala. Muuzaji anayeng'ang'ania makabidhiano ya njiani, kwa kisingizio kwamba banda liko mbali au kuna ukarabati, ameficha jambo la kwanza ambalo mnunuzi anapaswa kuliona, yaani mama.

Uingereza iliwahi kulitazama tatizo hili kupitia jike mmoja aitwaye Lucy, aliyeokolewa mwaka 2013 kutoka shamba la kuzalisha mbwa huko Welisi akiwa amedhoofika kwa kuzalishwa mno. Sheria inayoitwa kwa jina lake ilianza kutumika England tarehe 6 Aprili 2020. Inazuia madalali kuuza mbwa wenye umri chini ya miezi 6, hivyo anayetaka mtoto wa mbwa humnunua kwa mfugaji mwenyewe au humchukua kwenye kituo cha kuokolea wanyama. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili dhidi ya wanyama, mbwa wakiwemo. Hata hivyo, siku ya kununua, mkaguzi ni mnunuzi mwenyewe.

Mama akaguliwe akiwa pamoja na watoto wake. Jike anayenyonyesha watoto wa wiki 7 au 8 huwa amekonda kidogo, na chuchu zake bado zinaning'inia hata kama maziwa yamepungua. Watoto humkimbilia na kujaribu kunyonya, naye huwavumilia au huwasukuma kwa upole. Jike mwenye tumbo lililokaza, ambaye watoto hawamjali, huenda ameazimwa kwa ajili ya maonyesho. Muuzaji aulizwe jike ana umri gani na alizaa lini mara ya mwisho. Mimba ya mbwa huchukua takribani siku 63 na joto hurudi kila baada ya miezi 6 au 7, kwa hiyo jike anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka akilazimishwa. Mfugaji makini wa mbwa wakubwa husubiri jike afikishe walau mwaka mmoja na nusu, kisha humpumzisha kati ya uzao na uzao. Tabia nayo iangaliwe, kwa sababu mama anayejibanza ukutani akitetemeka mbele ya mgeni huwaachia watoto woga huo.

Baba ni suala tofauti. Kutokuwepo kwake si dosari, kwani wafugaji wazuri hupeleka majike kwa dume wa mtu mwingine ili kuepuka kupandisha ndugu. Picha zake, kadi yake na mawasiliano ya mwenye dume vinatosha. La kutia shaka zaidi ni banda lenye dume mmoja, majike watano na mabinti zao, bila daftari la nani kapandishwa na nani.

Unyevu na joto la pwani vinaongeza ukaguzi mwingine ambao mnunuzi wa Arusha huenda asiuwaze sana. Kupe wa kahawia wa mbwa hukaa bandani. Hupanda ukuta na kujificha kwenye nyufa za matofali na chini ya bati, hivyo mtu atazame nyufa hizo, kisha ndani ya masikio ya mama na katikati ya vidole vyake. Kupe huyu hueneza ugonjwa wa elikia, unaopunguza damu na kumdhoofisha mbwa polepole. Mchanga wenye unyevu nao hulea minyoo ya safura, na mtoto huweza kuipata kupitia maziwa ya mama. Mdomo wa juu ukiinuliwa taratibu, fizi zenye afya huwa na rangi ya waridi. Fizi nyeupe kwa mtoto mwenye tumbo lililojaa ni dalili ya kupungukiwa damu, hata kama anachezacheza. Dawa ya minyoo huanza akiwa na wiki 2 na kurudiwa kila baada ya wiki 2 mpaka afikishe wiki 8.

Kadi ya chanjo isomwe pamoja na meno, na mfano unaonyesha namna yake. Tuseme leo ni tarehe 20 Juni na tangazo linadai watoto wana wiki 8. Kadi inasema walizaliwa 25 Aprili, wakachanjwa parvo 6 Mei na kichaa cha mbwa 20 Mei. Kwa hesabu hiyo, chanjo ya kwanza ilitolewa wakiwa na siku 11, wakati macho ndiyo kwanza yanafunguka, na ya kichaa wakiwa na siku 25. Ratiba ya kawaida huanza na parvo na distempa kwenye wiki ya 6 hadi ya 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16, na kichaa hutolewa kuanzia miezi 3. Sasa tufungue mdomo. Mtoto wa wiki 8 huwa amekaribia kutimiza meno 28 ya utoto. Huyu ana meno madogo ya mbele, chonge ndiyo zinachomoza, na magego hayapo. Haelekei kuzidi wiki 5, maana yake alizaliwa katikati ya Mei au baadaye. Chanjo ya tarehe 6 Mei imetangulia kuzaliwa kwake.

Kadi halisi huwa na stika iliyobanduliwa kwenye kichupa cha chanjo, yenye namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, pamoja na jina na sahihi ya daktari wa mifugo. Madaktari husajiliwa na Baraza la Veterinari, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na simu moja kwa daktari aliyetajwa humaliza mjadala. Cheti cha ukoo, kama kile cha East Africa Kennel Club cha Nairobi, kinaeleza nasaba ya mbwa. Hakithibitishi nyonga wala chanjo.

Nyonga za Jemani Shepadi na Rotwaila hurithi kasoro ya kiungo kutokaa vizuri tunduni. Mtoto wa wiki 8 hawezi kuthibitishwa, kwa sababu picha ya eksirei husomwa kwa uhakika baada ya mwaka mmoja au miwili. Picha zinazohitajika ni za wazazi. Mfugaji asiyekuwa nazo aseme hivyo, kisha amruhusu mnunuzi amwone mama akitembea, akikimbia na kuinuka kutoka chini. Jike anayeruka kwa miguu miwili ya nyuma pamoja kama sungura asinunuliwe mtoto.

Ukaguzi wa bandani hauwezi kuiona parvo inayojificha. Dalili hujitokeza siku 3 hadi 7 baada ya kuambukizwa, mara nyingine zaidi, hivyo mtoto aliyecheza Jumamosi anaweza kutapika na kuharisha damu Jumatano. Kwa hiyo mauziano yaandikwe, yakimruhusu mnunuzi kumpeleka mtoto kwa daktari anayemchagua mwenyewe ndani ya siku 3, na yakieleza nani atalipa endapo parvo itathibitishwa ndani ya siku 10. Mtoto akifa, mwingine asiletwe mapema kwenye ua uleule. Kirusi hudumu udongoni kwa miezi mingi, na sakafu ya saruji husafishwa kwanza kwa sabuni, kisha kwa dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa sehemu 30 za maji, ikiachwa dakika 10 kabla ya kusuuzwa.