+269 Imelia Mara Moja Ikakata? Usirudishe Kabla Usome Hii

Uko zako Silibwet, saa nane usiku, simu inalia mara moja na kukata. Unacheki: +269. Inakaa kama +254 yetu, lakini hiyo ni Komoro, na huko huna mtu.

Huo mtego unaitwa wangiri, Kijapani cha "lia mara moja, kata". Kompyuta inapigia watu wengi ikingoja wewe urudishe. Ukirudisha, unalipa bei ya simu za nje na matapeli wanakatiwa mgao. Wengine wanakuwekea sauti ya simu inayoita, udhani haijashikwa. Angalia dakika kwa skrini: zikianza kuhesabu, ishapokelewa na kredo inaliwa. Kata.

Kukosa simu hakukugharimu kitu. Kuirudisha pia hakufagii M-Pesa. Kinachoenda ni kredo.

Sasa, kama ni +966 ya Saudia ama +974 ya Katari? Pengine ni siz yako amepata laini mpya kazini. Mtu wa kweli huacha simu iite, hurudia, ama hutuma meseji. Uliza mathe kwanza, kisha mtafute WhatsApp kwa bando. Hakuna anayemjua? Blok.